Picha ya zamani iliyosafishwa kwa akili mnemba: Namna ya kukagua kama sura ni ile ile

KATIKA nyumba nyingi za Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, na katika miji jirani ya Pangani na Muheza, kumbukumbu ya bibi au babu aliyetangulia mbele ya haki mara nyingi ni picha moja tu. Ilipigwa studio, nyeusi na nyeupe, na hakuna nakala yake nyingine.

Joto na unyevu wa pwani havina huruma na karatasi. Ukungu huota juu ya picha, madoa ya kahawia husambaa kutoka pembeni, na picha iliyokaa miaka mingi ndani ya fremu hugandana na kioo chake.

Siku hizi wajukuu hupeleka picha za namna hiyo kwa fundi mwenye kompyuta, au huziingiza wenyewe katika programu ya akili mnemba kwenye simu. Baada ya muda mfupi picha hurudi ikiwa safi, haina doa na wakati mwingine ina rangi. Familia hufurahi, picha huchapishwa kwa ukubwa na kutundikwa ukutani.

Tatizo hujitokeza pale mzee mmoja aliyemfahamu marehemu anapoitazama na kusema, "Amependeza, lakini siye." Mara nyingi mzee huyo huwa na haki, na jambo analolihisi linaweza kupimwa.

Kwa nini sura hubadilika

Fundi wa zamani aliyesafisha picha kwa brashi na wino aligusa doa lenyewe na kuacha sehemu nyingine kama zilivyokuwa. Programu nyingi za akili mnemba hazifanyi hivyo. Huisoma picha nzima, huifupisha kuwa maelezo machache ya kihesabu, kisha huichora upya kutokana na maelezo hayo.

Kwa hiyo hata sehemu ambayo mwenye picha hakuomba iguswe nayo huchorwa upya. Ukuta uliochorwa upya hauleti shida, kwa kuwa ukuta hufanana na ukuta mwingine. Uso wa mtu ni jambo tofauti.

Uchukuliwe mfano wa picha ya aina iliyomo katika albamu nyingi za Tanga: karatasi ya sentimita 6 kwa 9, ya miaka ya 1960. Bibi ameketi kwenye kiti akiwa amejitanda kanga, mumewe amesimama nyuma yake akiwa na kanzu na kofia, na nyuma yao kuna pazia la studio lililochorwa minazi na bahari. Doa la ukungu limefunika kona ya juu na kushuka hadi kwenye bega la mume.

Picha hiyo ikipitishwa kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, urefu wake wa sentimita 9 huwa nukta zipatazo 2,126. Uso wa bibi, kutoka ukingo wa kanga kichwani hadi kidevuni, una urefu wa milimita 10 hivi kwenye karatasi, yaani nukta 236.

Iwapo programu itaipunguza picha hiyo hadi nukta 1,024 kwa urefu kabla ya kuanza kazi, jambo ambalo hutokea mara kwa mara, uso huo hubaki na nukta 114, na jicho moja hubaki na upana wa nukta 19 tu. Programu nyingi za aina hii hufupisha zaidi kwa kuchukua vipande vya nukta 8 kwa 8. Maana yake ni kwamba jicho la bibi, pamoja na kope na mtazamo wake, limehifadhiwa katika upana wa vipande viwili na kidogo.

Hapo ndipo programu inapokisia. Nayo hukisia kutokana na mamilioni ya nyuso nyingine ilizofunzwa, hivyo uso wa bibi huvutwa kuelekea uso wa wastani: macho yanayolingana, ngozi laini, kidevu cha kawaida. Kile kilichomtofautisha na watu wengine ndicho hupotea kwanza.

Kutayarisha ukaguzi

Ukaguzi hauwezekani bila picha ya kabla, nayo lazima iwe ile iliyotoka kwenye skana, si nakala iliyotumwa kwa WhatsApp. Picha inayotumwa huko kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na mkaguzi atakuwa analinganisha kivuli na kivuli. Picha iliyogandana na kioo isibanduliwe. Ipitishwe kwenye skana ikiwa na kioo chake.

Hatua inayofuata ni kuzilinganisha picha mbili kwa ukubwa. Programu nyingi hurudisha picha yenye vipimo tofauti na ile iliyoingia, au hukata ukingo kidogo. Katika programu ya GIMP, inayopatikana bila malipo, picha ya baada huwekwa kama tabaka juu ya picha ya kabla, kisha hufifishwa hadi nusu ili zote mbili zionekane kwa pamoja. Husogezwa na kupimwa hadi vitu visivyoweza kuhama, kama miguu ya kiti na pembe za zulia, vikae mahali pamoja.

Kisha mkaguzi huwasha na kuzima tabaka la juu kwa haraka, akikodolea macho sehemu moja tu. Kisichobadilika hutulia, na kilichohama huruka. Njia hii ni ya zamani: mwaka 1930 mwanafalaki Clyde Tombaugh wa Marekani aligundua Pluto kwa kupishanisha namna hiyo picha mbili za anga zilizopigwa kwa siku tofauti, hadi nukta moja ikaonekana ikiruka. Kwenye simu, picha mbili zilizokwisha kulinganishwa kwa ukubwa zinaweza kupishanishwa kwa kidole ndani ya albamu.

Ipo pia njia ya kutoa picha moja katika nyingine. Tabaka la juu likirejeshwa kwenye nguvu yake kamili, kisha likawekwa kwenye hali iitwayo `Difference`, sehemu zilizofanana huwa nyeusi na zilizotofautiana hung'aa. Mkaguzi asitishwe na kijivu hafifu kilichoenea kila mahali; hicho husababishwa na chembechembe za picha ya zamani kuondolewa au weusi kuongezwa. Anachotafuta ni mistari inayong'aa yenye umbo. Mistari ikitokea kandokando ya kila kitu, picha hazijakaa sawasawa. Ikitokea kwenye kidevu pekee, kidevu kimehama.

Uso: pima, usikisie

Jicho la binadamu huuona uso kama kitu kimoja, na ndiyo sababu mtu anaweza kusema "siye" bila kuweza kuonyesha kosa lilipo. Dawa yake ni kuugawa uso huo. Funika sehemu zote kwa karatasi, acha macho tu, linganisha, kisha pua, kisha mdomo, kisha kidevu na masikio.

Baada ya hapo vipimo viwili hutosha. Cha kwanza ni umbali kati ya mboni mbili za macho. Cha pili ni umbali kutoka mstari wa macho hadi ncha ya kidevu. Katika mfano wetu, picha ya kabla ina nukta 81 na 150. Picha ya baada ina nukta 81 na 141.

Kukosea nukta mbili wakati wa kupima ni jambo la kawaida, lakini nukta tisa si kosa la kupima. Kwenye karatasi ya awali tofauti hiyo haifiki hata nusu milimita, lakini uso umekuwa mfupi na bibi ameonekana kijana zaidi. Mzee aliyesema "siye" aliliona jambo hilo bila rula.

Yapo mengine yasiyohitaji kipimo. Kope moja iliyoshuka kuliko nyingine, mwanya wa meno, kipini cha pua, baka, alama ya chanjo au kovu: kila kimoja kitafutwe kwenye picha zote mbili. Weupe wa ngozi nao ulinganishwe na kitu kingine kilichomo kwenye picha hiyo hiyo, kwa mfano kanzu. Uso ukiwa umeng'aa ilhali kanzu imebaki vile vile, ngozi imebadilishwa.

Kanuni kuu ni kutazama kilichozidi kama unavyotazama kilichopungua. Ikiwa bibi alifumba mdomo na sasa meno yanaonekana, meno hayo hayakutoka popote ila kwenye ubunifu wa programu. Ikiwa kope zake hazikuonekana kwa sababu picha ilikuwa na ukungu na sasa zinahesabika moja moja, hizo si kope zake. Ukali wa picha si ushahidi wa ukweli wake.

Mikono: vidole vitano havitoshi

Miaka michache iliyopita programu hizi zilijulikana kwa kuchora mikono yenye vidole sita. Zile za sasa hukosea hivyo kwa nadra, na kwa sababu hiyo kuhesabu vidole pekee humpa mkaguzi utulivu wa bure.

Swali linalofaa zaidi ni vidole vingapi vilionekana kabla. Ikiwa bibi alikunja mkono mapajani na vidole vitatu tu vikaonekana, navyo viwili vikiwa vimefichwa na kanga, basi picha ya baada lazima ionyeshe vitatu. Mkono uliokamilika kwa vidole vitano ni kosa, hata kama umechorwa vizuri.

Kisha kila mkono ufuatwe kutoka vidoleni hadi begani, ili kuhakikisha kuwa ni wa mtu yule yule. Katika picha ya watu wawili waliokaribiana, mkono wa mume uliowekwa kwenye mgongo wa kiti unaweza kutoweka au kuhamia begani kwa mke. Pete ibaki kwenye kidole kile kile, saa kwenye mkono ule ule, na bangili zihesabiwe. Hina na piko zifuatwe ua kwa ua. Programu huzichukulia kama madoa na kuzifuta, au huzichora upya kwa mtindo mwingine.

Kosa la namna hii liliwahi kuonekana duniani kote. Tarehe 10 Machi 2024 mashirika ya habari ya AP, Reuters na AFP yaliondoa picha ya Catherine, Binti Mfalme wa Wales, na watoto wake, baada ya kubainika kuwa ilikuwa imehaririwa. Moja ya dosari zilizotajwa ilikuwa kwenye mkono wa kushoto wa Binti Mfalme Charlotte, ambapo ukingo wa mkono wa sweta haukukutana sawasawa. Kesho yake mama yake alieleza kuwa ndiye aliyeihariri picha hiyo. Wahariri hao hawakuwa na picha ya kabla. Walichoweza kukamata ni maungio mabaya tu. Familia yenye picha ya kabla ina uwezo mkubwa kuliko wao.

Mavazi: kanga ni shahidi

Kwa watu wa pwani, vazi lenye faida kubwa zaidi katika ukaguzi huu ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lililoandikwa. Maandishi ndiyo kitu ambacho programu hukosea kwa urahisi, na ndiyo kitu ambacho kila msomaji anaweza kukikagua bila utaalamu.

Tuseme katika picha ya kabla zinaonekana herufi "MOLA NDI", na zilizobaki zimefichwa na mkunjo. Picha ya baada ikisomeka "MOLA NIDI", herufi zimechorwa na mashine isiyosoma. Ikisomeka sentensi kamili iliyonyooka, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu jina hilo limetungwa na linaaminika. Jina la kanga huwa na maana kwa aliyeivaa na kwa aliyempa, na kumvisha marehemu jina jingine ni kumsemea maneno ambayo hakuyasema. Kanga za mwanzo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Picha za wakati huo zikaguliwe na anayezisoma.

Herufi zikiharibika, mkaguzi ajue kuwa na vitu vingine vyenye ukubwa kama herufi hizo, yakiwemo macho ya mtu aliyesimama nyuma, huenda navyo vimechorwa upya.

Kwenye pindo, chagua ua moja na uhesabu mangapi yamejipanga kutoka kona hadi mkunjo wa kwanza. Kwenye kofia ya mume, tazama kama safu za matundu ya darizi zinafuatana kama zamani au zimegeuka kuwa nakshi nyingine. Kama vazi ni shati, hesabu vifungo na uangalie viko upande gani. Vikihama upande, huenda picha nzima imegeuzwa kama kwenye kioo.

Rangi inahitaji onyo la peke yake. Picha nyeusi na nyeupe haina habari ya rangi, hivyo rangi ya kanga iliyoongezwa ni makisio matupu. Tena baadhi ya filamu za zamani hazikuhisi wekundu, na nguo nyekundu ilitokea ikiwa nyeusi. Kanga iliyoonekana nyeusi kwenye picha ya miaka ya 1920 huenda ilikuwa nyekundu. Anayeweza kusema ni aliyeiona, si kompyuta.

Mandhari: hesabu visivyosogea

Nyuma ya watu ndiko mkaguzi asikotazama, na ndiko programu hubadilisha mambo mengi. Pazia la studio lina thamani yake, kwani wajuzi wa mambo hayo wanaweza kuitambua studio kutokana na pazia. Minazi ikiwa mitatu ibaki mitatu, na mstari wa bahari unaokatwa na kichwa cha mtu utokee upande wa pili katika kimo kile kile.

Kwa picha zilizopigwa nje, kama za ufukweni Raskazone au ng'ambo ya mto Pangani, vyombo vya bahari ni kipimo kizuri. Ngalawa ina mirengu pande zote mbili. Ikitokea na upande mmoja, au ikigeuka mashua, imechorwa na kisichoijua bahari. Kwenye majengo, hesabu madirisha, soma vibao vya maduka, na tazama mishale ya saa kama ipo.

Kosa likipatikana

Kosa moja halina maana kwamba kazi yote itupwe. Picha ya kabla ikiwa chini na ya baada ikiwa juu, fundi anaweza kufungua "dirisha" kwenye tabaka la juu mahali pa uso, mikono na jina la kanga, ili vile vya asili vionekane. Picha iliyosafishwa itumike pale tu palipokuwa na doa. Katika mfano wetu, hapo ni kona ya juu na bega la mume, basi.

Uso wa asili utaonekana na mikwaruzo yake karibu na pazia safi. Wengi huona afadhali hivyo. Mikwaruzo midogo inaweza kuzibwa kwa mkono, kwa kunakili ngozi iliyo jirani.

Ikiwa marekebisho mengine yanatakiwa, yaanze upya kutoka picha ya skana. Kurekebisha picha iliyokwisha kurekebishwa hulimbikiza makosa: nukta tisa za kidevu leo, kumi na tano kesho, na baada ya mara ya tano bibi amekuwa mtu mwingine bila ya hatua yoyote moja kuonekana kubwa.

Upo mpaka usiovukika. Ukungu ukiwa umekula jicho lenyewe, hakuna programu wala fundi anayejua jicho hilo lilikuwaje. Familia inaweza kuamua kuliacha doa, au kukubali jicho la kukisia na kuandika hivyo nyuma ya picha.

Orodha ya ukaguzi

1. Tumia picha ya skana, si iliyotumwa kwa simu.

2. Linganisha ukubwa na uzilaze picha juu ya nyingine. Thibitisha kwa vitu visivyosogea.

3. Pishanisha picha mbili, sehemu moja kwa wakati, zikiwa zimekuzwa.

4. Uso: mboni hadi mboni, macho hadi kidevu, kisha alama za mwili na weupe wa ngozi.

5. Mikono: vidole vilivyoonekana, mkono ni wa nani, pete, bangili na hina.

6. Mavazi: jina la kanga herufi kwa herufi, pindo, kofia, vifungo.

7. Mandhari: hesabu miti, madirisha na vyombo, fuata mstari wa bahari.

8. Andika kila kilichozidi na kila kilichopungua, kisha rudisha cha asili.

Baada ya yote hayo, picha ya baada ionyeshwe peke yake kwa mtu aliyemfahamu marehemu, bila kuambiwa ni nani na bila ya kuwekewa ile ya zamani pembeni. Akitaja jina bila kusita, kazi imefaulu. Akisita, vipimo virudiwe kabla ya kuchapisha, na picha ya zamani, pamoja na madoa yake, isitupwe kwa hali yoyote.